Paka Aangushaye Vikombe

SWALI: Bwana Mhariri, paka wetu hupanda mezani, akanikazia macho, kisha akakisukuma kikombe mpaka kikaanguka. Je, hii ni inda?

JIBU: La, bibi, inda haimo. Paka, kwa tabia aliyoumbiwa, hukipapasa kwa mkono kila kitu kidogo kinachomtia shaka, kwani panya aliyelala kimya huenda yu hai, na kumgusa kwa mkono ni salama zaidi kuliko kumsogezea uso. Kikombe kikijongea, hamu yake huzidi.

Lakini hayo hayaelezi yale macho. Yumkini siku kilipoanguka cha kwanza uliruka, ukapiga ukelele, ukamwita jina lake, na mnyama aliyeshinda kutwa bila wa kucheza naye akafahamu kwamba kishindo kile humleta mtu. Basi tangu hapo hutazama kwanza kama umemwona. Ukitaka yakini, mwache peke yake chumbani na kifuniko cha chupa mezani, mara kadhaa: kikidumu mahali pake, shabaha yake ni wewe, kikiangushwa, ni mchezo tu.

Dawa ni kutomtazama wala kumkemea atendapo, na kumchezesha kwa kamba kabla ya chakula cha jioni. Tahadhari, siku za mwanzo atazidisha, na ukishindwa kujizuia wakati huo, utakuwa umemfunza kushikilia zaidi. Kwa hiyo vikombe vya kauri, tafadhali, vifungie kabatini kwanza.