Kuipima kwa Haki Kanuni ya Wastani Unaosogea

Wafanyabiashara wa hisa wanayo kanuni moja nyepesi iliyo mashuhuri. Huchukua bei za kufungia soko za siku kadhaa, wakazijumlisha na kuzigawanya kwa idadi ya siku hizo. Kila siku mpya inapoingia katika hesabu, ile kongwe kuliko zote hutolewa. Matokeo yake huitwa wastani unaosogea. Bei ikipanda juu ya wastani, mtu hununua. Ikishuka chini yake, huuza. Katika makala haya tutachunguza jinsi ya kuipima kanuni hiyo kwa bei za miaka iliyopita bila kujidanganya.

Kosa la kwanza ni kutumia habari ambayo ilikuwa bado haijapatikana. Tuchukue mfano wa wastani wa siku 3. Hisa moja ilifunga kwa shilingi 100 siku ya Jumatatu, 102 Jumanne, 101 Jumatano na 107 Alhamisi. Jumatano wastani ni 101, sawa na bei yenyewe, kwa hiyo hakuna ishara. Alhamisi wastani ni (102 + 101 + 107) ÷ 3, yaani 103.33. Bei imeupita wastani, na ishara ya kununua imetokea.

Mpimaji asiye mwangalifu huandika kwamba Alhamisi hisa ilikuwa mkononi mwake, akajihesabia kupanda kutoka 101 hadi 107, faida ya asilimia 5.9. Lakini bei ya 107 haikujulikana mpaka soko lilipofungwa. Mnunuzi halisi angenunua Ijumaa asubuhi. Iwapo siku hiyo soko lilifunguliwa kwa 108 na kufungwa kwa 106, angepata hasara ya asilimia 1.9. Kanuni ni ile ile na bei ni zile zile. Tofauti ni siku moja tu. Basi ishara ya leo na itumike kwa bei ya kesho. Na ukitaka kukagua hesabu ya mtu mwingine, chelewesha ishara zake zote kwa siku moja. Faida yote ikitoweka ghafla, yaelekea ilitokana na kuijua kesho kabla haijafika.

Kosa la pili ni kuishona kanuni kwa kipimo cha bei zilizopita. Wengi hulinganisha wastani mfupi na mrefu. Mfupi ukiwa wa siku 1 hadi 20, na mrefu wa siku 21 hadi 200, twapata jozi 20 × 180, yaani 3,600. Hata kama hakuna jozi yenye uwezo wowote, kwa kipimo cha kawaida cha takwimu cha asilimia 5 twatazamia jozi 180 zionekane bora kwa bahati tu. Kumwonyesha msomaji jozi iliyoshinda, bila kumwambia kuwa zilijaribiwa 3,600, ni kumficha jambo kuu. Dalili ya bahati huonekana kwa majirani: ikiwa jozi ya 13 na 87 yaleta faida kubwa, na ya 12 na 86 yaleta hasara, faida hiyo haina mizizi.

Mfano halisi upo. Mwaka 1992 Brock, Lakonishok na LeBaron walitangaza uchunguzi wa kanuni 26 kwa fahirisi ya Dow Jones ya New York, tangu 1897 hadi 1986, na kanuni hizo zilionekana kuwa na uwezo wa kubashiri. Mwaka 1999 Sullivan, Timmermann na White walipima kanuni 7,846, wakazingatia wingi wa majaribio. Hata baada ya marekebisho hayo, kanuni iliyokuwa bora ilionekana thabiti kwa miaka hiyo ya mwanzo. Walipoipeleka kwenye miaka 10 iliyofuata, 1987 hadi 1996, ubora wake haukuendelea.

Kwa hiyo gawa bei zako sehemu mbili kabla ya kuanza. Chagua kanuni kwa sehemu ya kwanza. Ya pili ifungie, uifungue mara moja tu. Ukiirudia baada ya kurekebisha kanuni, nayo imekwisha kuwa sehemu ya mafunzo, na haiwezi tena kuwa hakimu.

Mwisho, toa gharama. Ikiwa kununua na kuuza hugharimu jumla ya asilimia 1, kanuni inayofanya hivyo mara 12 kwa mwaka yahitaji kupata takriban asilimia 12 kabla ya kuacha faida yoyote. Kilichobaki kilinganishe na pato la mtu aliyenunua siku ya kwanza na kutulia. Kanuni isiyomshinda huyo haijathibitisha kitu.