Ukiletewa Ujumbe Usiokuwa Wako



Katika darsa yetu ya baada ya Isha, mmoja katika wanafunzi wetu alituletea suala ambalo mwanzo tulilidhani ni jepesi, na tulipolifungua tukaliona lina mambo ndani yake. Alisema: "Maalim, juzi usiku umeingia ujumbe katika simu yangu kutoka nambari nisiyoijua. Nimeusoma mpaka mwisho, ndipo nikatambua kuwa haukuwa wangu. Nikaona haya kujibu, nikanyamaza. Je, nimekosa?" Tukamtaka atueleze ulikuwa ujumbe gani, pasi na kutaja jina la mtu.

Mwenye kuandika alikuwa akimwandikia shangazi yake. Alimwambia kuwa mama amelazwa, na kuwa atapasuliwa kesho yake saa 2 ya asubuhi. Kuwa wanatakiwa jamaa 2 wa kutoa damu. Na kuwa kadi ya bima imo kabatini, na ufunguo anao yeye shangazi, basi aje nayo alfajiri. Mwisho wake aliandika kuwa baba asiambiwe kitu kwanza, kwa ajili ya maradhi yake ya moyo. Ujumbe huo uliingia saa 3 ya usiku. Ndugu yetu alinyamaza kwa kudhani kuwa mwenyewe atatambua kosa lake. Kulipopambazuka, saa 12 na nusu, ukaingia wa pili, mfupi na mkali: "Shangazi, umesoma tangu jana, mbona kimya?"

Hapo ndipo penye maana yote ya suala hili. Watu wengi wakipata ujumbe wa mtu mwengine hufikiri juu ya jambo moja tu, nalo ni siri iliyofichuka. Wakaona adabu ni kujifanya hawakuona. Lakini ujumbe uliopotea una madhara mawili: umemfikia asiyetakiwa, na haukumfikia anayetakiwa. La kwanza limekwisha tokea, wala huna la kulirudisha. La pili bado li mkononi mwako, na kila saa ipitayo nawe umenyamaza, lazidi kukua. Tena simu za leo haziwaachi watu wakanyamaza kikweli. Katika WhatsApp, alama mbili za kijivu humwambia mpelekaji kuwa ujumbe umefika, na zikigeuka buluu humwambia kuwa umefunguliwa. Haimwambii umefunguliwa na nani. Basi yule aliyekuwa hospitalini aliziona alama za buluu akaamini kuwa shangazi amesoma, akaacha kutafuta njia nyengine ya kumpata. Ndugu yetu alidhani amenyamaza, na kumbe simu yake imekwisha jibu kwa niaba yake, na jibu lenyewe si la kweli.

Zamani, barua ilipotoka Lamu au Unguja ikaja kwa mkono wa nahodha, au ikatiwa katika sanduku la posta ambalo jamaa watano washirikiana, jina liliandikwa juu ya bahasha. Uliyeshika barua ulijua kuwa si yako kabla ya kuifungua, na ukiifungua baada ya hapo huna udhuru. Ujumbe wa simu hauna bahasha. Hujui kuwa si wako ila baada ya kusoma neno moja au mawili. Kwa hivyo aliyesoma mwanzo wake halaumiwi. Wanazuoni wamefundisha juu ya jicho lililoangukia kitu kwa ghafula, kuwa mtazamo wa kwanza hauna hesabu, na wa pili ndio wenye hesabu. Basi na hapa ni mfano wake: pale ulipotambua kuwa shangazi anayetajwa si wewe, hapo ndipo pa kusimama. Na ikiwa ni ujumbe wa sauti, uuzime, usiseme, "Hebu nisikilize mpaka mwisho nimjue ni nani." Ulilolijua kabla ya kusimama ni amana juu yako. Tumefundishwa kuwa mtu akisema neno huku akigeuka kuangalia nyuma yake, neno lile ni amana kwa aliyelisikia ijapokuwa hakuambiwa alifiche. Sasa huyu amesema wazi kuwa baba asijue. Je, si zaidi ya kugeuka?

Ama namna ya kumjulisha, tuliwataka wanafunzi kila mmoja aandike jibu lake, nasi tukayasoma. Mmoja aliandika: "Wewe ni nani? Nambari yangu umeipata wapi?" Hili ni jibu la mlinzi wa mlango, nalo lamtia mtu aliyefazaika katika kujieleza kwa mtu asiyemjua. Wa pili aliandika maneno mengi ya huruma: pole kwa mama, na upasuaji wenyewe ni wa nini, na hospitali ni ipi. Nia yake njema, lakini kila neno lake lamwambia mwenziwe, "Nimeyajua yote ya nyumbani kwenu." Wa tatu aliandika kuwa ujumbe umekosea njia, naye hakuusoma. Huyu alitaka kumsitiri mtu haya, akamsitiri kwa uwongo. Na asiyeusoma amejuaje kuwa umekosea?

Tukaafikiana juu ya jibu hili: "Waalaikumu ssalaam. Samahani, nambari hii si ya shangazi yako, na ujumbe wako wa saa 3 haujamfikia. Tafadhali itazame nambari umpelekee tena. Ukishanijibu nitaufuta. Allah awafanyie wepesi." Tazameni kilichomo. Limetaja shangazi, kwa kuwa bila ya hilo mpelekaji hajui ni ujumbe upi katika jumbe zake alizopeleka usiku ule. Limesema wazi kuwa haujamfikia, kwa kuwa hilo ndilo analolihitaji kabla ya lolote. Halikutaja maradhi, wala damu, wala baba. Na dua yake ni ya jumla, yamfaa msafiri na mgonjwa na mwenye deni, haimuonyeshi ni lipi tulilolijua. Tumesema "ukishanijibu nitaufuta" na hatukusema "nimeufuta", kwa sababu huenda mwenyewe ataka uhakika wa alichokiandika. Na tena mtu asiseme amefuta ila awe amefuta.

Kuna aliyetaka kufanya wema zaidi. Alisema kuwa yeye angemtafuta shangazi huyo mwenyewe, kwani mara nyingi nambari hukosewa kwa tarakimu moja, au mbili zikabadilishana mahali. Angejaribu nambari zilizo karibu na yake kisha awapelekee ujumbe ule. Tukamkataza. Nambari zetu za Kenya zina tarakimu 10, na kwa kukisia utawafikia watu wengi kabla ya kumpata shangazi, na kila mmoja utakuwa umempa siri ya nyumba ya watu. Tena huenda nambari haikukosewa kabisa. Laini ikikaa muda mrefu bila ya kutumiwa hukatwa, kisha nambari yake hupewa mtu mwengine. Huenda yako ndiyo iliyokuwa ya shangazi miaka iliyopita. Wa kurudishiwa ujumbe ni aliyeupeleka, basi.

Ikiwa jambo ni la saa chache kama hili, na jibu lako lakaa na alama moja tu, yaani halijamfikia, ipige simu. Lakini jihadhari: huenda atakayeipokea siye aliyeandika, na huenda akawa ni yule baba mwenyewe. Baada ya salamu uliza kwanza, "Ni wewe uliyepeleka ujumbe kwa nambari hii jana usiku?" Akisema siye, mwambie, "Tafadhali mwenye simu atazame jumbe zake," uage. Usiruhusu kuvutwa ukasema ni ujumbe wa nini.

Mambo huwa magumu zaidi pale unapomjua aliyekosea, na khasa akikosea mbele za watu. Mtu amwandikia mkewe, na ujumbe waingia katika kundi la wazazi wa madrasa lenye watu mia. Wa kwanza kuuona asijibu pale pale kundini, hata kwa samahani, kwani jibu lake ndilo litakalowaita wengine kutazama. Amwandikie pembeni, au ampigie: "Ujumbe wako wa sasa hivi umeingia kundini." Na amkumbushe achague Delete for everyone, asichague Delete for me. Tumeona wenye kufazaika wakichagua hili la pili: ujumbe ukaondoka katika simu yao wenyewe, ukabaki katika simu za watu wote, wala hawakuwa na la kuufanya tena. Mpelekaji ana siku 2 na kitu za kuufutia wote. Zikipita, njia hiyo yafungwa. Akiwa hapatikani, msimamizi wa kundi naye aweza kuufuta, jambo ambalo limewezekana tangu mwaka 2022. Na aliyeona asimkumbushe mtu huyo kesho yake msikitini, hata kwa mzaha. Mizaha ya aina hii hapa Pwani huwa haiishi.

Yapasa pia tuseme juu ya wenye hila, kwani wapo wanaopeleka ujumbe kwa kukusudia ili uonekane umepotea. Hawa huwatambui kwa ujumbe wa kwanza. Watambue kwa kinachofuata. Mkweli ukimjulisha husema samahani akenda zake kumtafuta mtu wake. Mwenye hila hana mtu wa kumtafuta: atakusifu kwa wema wako, atauliza waishi wapi, wafanya kazi gani, na kesho atakusalimu tena. Jibu moja latosha. La pili si wajibu wako. Na akidai kuwa amekupelekea pesa za M-Pesa kwa makosa, usimrudishie kwa mkono wako. Tazama kwanza salio lako, usitosheke na maneno ya ujumbe, kisha mwambie aupeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, aombe zirudishwe huko. Ukimpelekea mwenyewe, naye akaomba zirudishwe, huenda zikakutoka mara mbili.

Turudi kwa ndugu yetu. Ule ujumbe wa pili ulipomfikia alijibu kwa haraka, akaomba radhi kwa kuchelewa. Kabla ya saa 1 akapata maneno machache: "Ahsante. Nishampata." Akaufuta ujumbe, na nambari hakuihifadhi. Lakini moyo haukutulia, na suala lake la mwisho kwetu lilikuwa hili: je, yafaa aulize sasa hali ya mama yule, na kama alipasuliwa kwa wakati? Tukamwambia amwombee alipo, na nambari ile asiipigie.