Dondoo muhimu: Kuandaa igizo la kuvuja damu baada ya kujifungua

Chagua chanzo kimoja: mfuko wa uzazi uliolegea baada ya kondo kutoka. Malengo yawe ya kupimwa kwa saa: msaada uitwe na mfuko ukandwe ndani ya dakika 1, oksitosini itolewe, asidi ya traneksamiki gramu 1 iingie mshipani kwa dakika 10, kabla ya saa 3 kupita tangu mtoto azaliwe.

Mimina mililita 700 za maji mekundu kwenye khanga na pedi, kidogo kidogo. Washiriki wengi watakadiria pungufu, na hapo ndipo matibabu huchelewa.

Kwenye mjadala baada ya igizo, usianze na “mbona ulichelewa?”, watajitetea tu. Uliza: “Ulikadiria damu kiasi gani, na uliona nini?” Kisha: “Nani alikuwa akiongoza? Aliyetumwa dawa alithibitisha kuzitoa?”