Mafunzo Niliyopata kwa Kukopa Salio

1. Ada haikatwi siku unayokopa, ndiyo maana haiumi. Kwenye mtandao ninaotumia ni asilimia 10. Ukikopa 1,000 usiku maduka yamefungwa, inaingia 1,000 kamili. Ukiweka vocha kesho yake, inaondoka 1,100 kabla hujabonyeza chochote. Ujumbe wa makato huja, ila huja katikati ya matangazo ya bahati nasibu, na nani anayasoma yale? Okoa Jahazi ya Kenya hukata mapema: unaomba shilingi 100, unapewa 90, unadaiwa 100. Pale angalau unaiona ada siku hiyohiyo.

2. Hasara kubwa si ile ada ya Sh100. Ni bando. Niliwahi kuweka vocha ya 2,000 nikilenga bando la 1,500. Deni likachukua 1,100, zikabaki 900, na bando la 1,500 halinunuliki kwa 900. Data ilikuwa imewashwa, basi picha za kundi la familia zikaanza kujipakua kwa bei ya nje ya bando, ambayo ni ghali mno. Sikuwa nimempigia mtu yeyote, na jioni simu ikaniuliza kama nataka kukopa tena! Tangu hapo hesabu yangu ni deni, ada na bei ya bando kwa pamoja: kwa mfano huu, 2,600. Kama sina hiyo, nazima data kwanza, ndipo naweka vocha.

3. Vocha ndogo ndogo hazisaidii. Ukiweka 500 wakati unadaiwa 1,100, inamezwa yote. Unabaki na deni la 600 na huwezi kupiga hata simu moja. Kwangu ada haiongezeki kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo sina haraka ya kulipa kidogo kidogo. Nanunua bando moja kwa moja kwa pesa iliyo kwenye akaunti ya simu. Fedha hiyo haipiti kwenye salio, hivyo deni haliigusi. Kikwazo ni kwamba sikopeshwi tena mpaka la zamani liishe.

4. Deni ni la laini, halimjui aliyekopa. Nilimrushia mama vocha ya 1,000 kijijini, nikampigia.

"Shikamoo mama. Vocha imefika?"

"Marahaba, mwanangu. Imelia kuwa imefika, lakini nikipiga naambiwa sina salio."

Mjukuu wake alikuwa amekopa kwenye simu hiyo siku mbili nyuma. Kukopa hakuhitaji namba ya siri, ni kubonyeza tu. Mwenye simu mkononi ndiye mkopaji. Sasa nanunua bando kwa namba yake badala ya kumrushia vocha, na likizo zikianza namuuliza kwanza kama wajukuu wamefika.