Mtangazaji Mmoja, Midomo Miwili

Mdogo wangu wa Kapsoya, hapa Eldoret, ananiandikia kwamba amenunua saundiba, ameipanga vizuri chini ya runinga, na tangu siku hiyo taarifa ya habari ya saa moja usiku inasomwa mara mbili. Msomaji akitamka “Uasin Gishu”, kuna mwingine nyuma yake anayemalizia “gishu”. Mumewe ameshaamua kwamba wameuziwa bidhaa mbovu na anatafuta risiti. Anauliza: dada, nirudishe dukani?

Usirudishe kwanza. Saundiba yako huenda haina kosa lolote. Zima saundiba peke yake kwa rimoti yake, kisha sikiliza. Ukisikia mtangazaji anaendelea kuongea kama kawaida, basi spika zilizomo ndani ya runinga hazikunyamaza ulipoleta mgeni. Sasa zote mbili zinaongea, na moja iko nyuma ya mwenzake.

Nina sababu ya kukutuma kwenye jaribio hilo kabla ya kugusa waya wowote. Nyumba zetu nyingi zina vigae sakafuni na kuta tupu, na sebule ambayo haijapata zulia wala pazia zito huwa na mwangwi wake yenyewe. Ukizima chombo kimoja na sauti bado inavuma, hapo tatizo ni chumba, na hakuna menyu ya runinga itakayokusaidia. Lakini kama unavyonieleza, neno zima linarudiwa, na hilo halisababishwi na vigae.

Kwa nini moja ichelewe? Spika za runinga ziko ndani yake, na hutoa sauti kwa njia ya mkato. Saundiba inapokea sauti kwa mfumo wa dijitali, inaifumbua, inaipamba kwa besi na manjonjo mengine, ndipo inaitoa. Kazi hiyo inakula muda kidogo, na ukiunganisha kwa Bluetooth, muda unaongezeka zaidi. Mjerumani Helmut Haas alichunguza jambo hili mwaka 1949: sauti ya pili ikifuata ya kwanza baada ya milisekunde chache tu, sikio huziunganisha ikawa moja. Ikifika milisekunde 50 hivi, sikio linaanza kusikia watu wawili. Na usifikiri kusogeza saundiba kutasaidia. Kwa mwendo wa sauti hewani, milisekunde 50 ni sawa na kuweka spika mita 17 mbali nawe. Nani ana sebule ya mita 17?

Kwa hiyo nyamazisha moja, na ya kunyamazisha ni runinga, kwa sababu saundiba ndiyo uliyoitolea pesa. Kwenye Samsung ingia Settings, kisha Sound, kisha Sound Output, utoke kwenye TV Speaker na uchague saundiba au njia uliyoiunganisha. Kwenye LG tafuta Sound Out. Kwenye Sony kuna mahali pa kuchagua kati ya TV speakers na Audio system. Majina hubadilika kidogo toleo hadi toleo, ila karibu kila mara yamo ndani ya ukurasa wa Sound. (Kuna runinga na saundiba za Samsung, kuanzia mwaka 2020, zilizoundwa kuimba pamoja kwa mpangilio uitwao Q-Symphony. Hizo zimepatanishwa kiwandani. Za chapa mbili tofauti hazina mapatano hayo.)

Wewe unasema umeshapita huko na hukuona chaguo kama hilo. Nimekuamini, kwa sababu runinga nyingi za bei nafuu hazina. Umesema pia saundiba yako imeunganishwa kwa ule waya mwembamba wenye taa nyekundu kwenye ncha, uliochomekwa kwenye tundu la OPTICAL. Basi una bahati. Katika runinga nyingi, sauti inayopita kwenye tundu hilo haifuati kiasi cha sauti cha runinga. Shusha sauti ya runinga hadi 0 na saundiba itaendelea kuongea, nawe utaipandisha na kuishusha kwa rimoti yake. Shusha kwa kitufe cha kupunguza, usitumie MUTE, maana kuna runinga ambazo MUTE hukata sauti kila upande. Na kama umeshusha hadi 0 na saundiba nayo imenyamaza au inakwaruza, nenda kwenye Digital Audio Out uweke PCM. Saundiba ndogo nyingine hazijui kufumbua sauti ya Dolby. Ikiwa hata hivyo haisikiki, basi runinga yako inapunguza zote kwa pamoja.

Hapo kuna hila ya kizamani: tafuta kichomekeo kitupu cha visikizi, hata kile cha visikizi vilivyokatika, ukichomeke kwenye tundu lenye alama ya visikizi. Runinga nyingi zikihisi kitu humo hunyamazisha spika zake, huku tundu la OPTICAL likiendelea. Si zote, lakini jaribio lake ni la bure.

Sasa sikiliza kitakachokusumbua wiki ijayo. Utashusha hadi 0, utafurahi, kisha mtoto atachukua rimoti ya dekoda, ambayo mara nyingi imefundishwa kupandisha sauti ya runinga, na yule mtangazaji wa pili atarudi. Ndiyo maana napendelea HDMI. Angalia nyuma ya runinga kama kuna tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC, na saundiba nayo iwe nalo. Lazima liwe hilo hilo. Tundu la HDMI la jirani yake halirudishi sauti. Washa pia mawasiliano ya HDMI, ambayo Samsung huita Anynet+ na LG huita SimpLink. Hapo vyombo viwili vinazungumza: saundiba ikiwaka, runinga inafunga spika zake yenyewe, na rimoti moja inatawala.

Hata hivyo, stima ikipotea na kurudi, runinga inaweza kuamka kabla ya saundiba, isimwone mwenzake, ikarudi kwenye spika zake. Ukiona hivyo usianze kuchomoa waya. Zima vyote viwili, washa saundiba kwanza, kisha runinga.

Kosa jingine, ambalo mafundi wetu hulifanya kwa nia njema, ni kuchukua waya wa sauti moja kwa moja kutoka dekoda hadi saundiba, wakati dekoda hiyo hiyo imepeleka HDMI kwenye runinga. Runinga haijui kabisa kwamba saundiba ipo, kwa hiyo hakuna chaguo la menyu litakaloifanya ijitoe yenyewe. Hapa pia mwangwi hujigeuza: runinga inaweza kuwa ndiyo inayochelewa, kwa kuwa inaichakata picha na kuisubirisha sauti ifuatane nayo. Toa waya huo wa dekoda, upitishe sauti yote kwenye runinga, kisha kutoka runinga hadi saundiba kwa ARC au OPTICAL.

Ukishabaki na sauti moja, tazama midomo ya msomaji wa habari. Ikifunga kabla neno halijaisha, saundiba inachelewa nyuma ya picha. Ukienda kwenye Audio Delay au AV Sync, iache kwenye 0, maana mpangilio huo kwa kawaida huongeza kuchelewa tu, hauwezi kuipa sauti mbio. Kinachosaidia ni kuweka PCM, kuzima manjonjo ya saundiba, na kuachana na Bluetooth ikiwa ndiyo unayotumia.