Mpira wa Kikapu: Kutembea na Mpira na Makosa Yanayofanana Nalo

Watahiniwa wengi huandika kwamba mchezaji anaruhusiwa hatua mbili, kisha huishia hapo. Jibu hilo halijakamilika, kwa sababu halisemi hatua zinaanza kuhesabiwa lini.

Mwamuzi haanzi na miguu. Anaanza na mikono, akitafuta dakika ambayo kudunda kumekwisha, yaani mpira umeshikwa kwa mikono miwili au umetulia kiganjani. Hapo ndipo anashusha macho miguuni. Kwa kanuni za FIBA zilizoanza kutumika Oktoba 2017, mchezaji aliye katika mwendo akiudhibiti mpira mguu mmoja ukiwa sakafuni, mguu huo hauhesabiwi. Hesabu inaanza na mguu unaofuata.

Chukua mfano huu. Juma anadunda kuelekea golini. Anaushika mpira mguu wa kulia ukiwa chini, anakanyaga kushoto, anakanyaga kulia, anaruka na kurusha. Watazamaji wanapiga kelele kwa kuwa wameona miguu mitatu. Mwamuzi amehesabu hivi: kulia sifuri, kushoto moja, kulia mbili. Ni halali. Sasa tuseme Juma aliushika mpira akiwa hewani, kisha akakanyaga kushoto, kulia, kushoto. Hakuna mguu wa sifuri hapa, kwa hiyo kushoto kwa mwisho ni hatua ya tatu. Filimbi inalia, na wapinzani wanarusha mpira kutoka nje, karibu na mahali kosa lilipotokea.

Sifuri hiyo haimhusu mchezaji aliyesimama. Akipokea mpira miguu yote ikiwa chini, akiinua mmoja, uliobaki unakuwa mguu wa egemeo. Anaweza kuzunguka juu yake apendavyo, lakini akitaka kudunda, mpira utoke mkononi kabla mguu huo haujainuka. Wachezaji wa shule hukosea zaidi hapa kuliko penginepo. Akitaka kutoa pasi au kurusha golini anaweza kuuinua, ila asikanyage tena akiwa bado na mpira.

Juma akisimama baada ya kuushika mpira, hawezi kuanza kudunda upya. Hilo ni kosa la kudunda mara mbili. Lakini mpinzani akiupiga mpira ukamtoka mikononi, kisha Juma akauokota, anaruhusiwa kudunda.

Kosa la saa ya sekunde 24 halihusu miguu kabisa. Mpira lazima utoke mkononi kwa mrushaji kabla king'ora hakijalia, kisha uguse pete au uingie. Ukigusa pete na timu ileile ikaupata tena, saa inawekwa 14, si 24.

Swali: Asha amesimama na mpira, egemeo lake ni mguu wa kushoto. Anauinua, ndipo anaanza kudunda. Mwamuzi aamue nini?

Jibu: Ametembea na mpira. Mpira ulipaswa kutoka mkononi kwanza.