Simu haichaji mpaka uupinde waya? Tafuta kwanza mgonjwa ni nani

Kwa wakazi wa delta ya Rufiji, ambako wengi huchajia sola, usianze kumlaumu mtu kabla jua halijatulia. Wingu likipita, sola ndogo iliyounganishwa moja kwa moja na simu hukatisha chaji, na simu haina kosa.

Umeme ukiwa umetulia, shika kichwa cha waya kisicheze ndani ya simu, kisha pinda waya karibu na shingo yake. Chaji ikikatika na kurudi, waya umekatikia ndani. Sasa fanya kinyume: waya utulie, utikise kichwa chake tu. Ikikatika hapo, shida iko kwenye tundu, ila jaribu waya mwingine kabla ya kuamini. Ikigoma kabisa kwa waya unaochaji simu ya jirani, badilisha adapta. Ikikubali, adapta ndiyo mbovu.

Tundu likiwa chafu, waya hauzami wote. Hubaki umechomoza kidogo. Vumbi la Kibiti na nyuzi za mfukoni hushindiliwa chini kila unapochomeka. Zima simu, uchokoe taratibu kwa kijiti cha meno, kamwe si kwa sindano.

Waya ukizama vizuri lakini unalegea, au ukaona ukijani ndani, acha kuchokoa. Ukijani ni dalili kwamba unyevu, kama maji ya chumvi ya mikokoni, umeshakula shaba, na umeme ukipita penye unyevu huo huila haraka zaidi. Mpelekee fundi abadilishe tundu.